Wakala wa vocha na LUKU: kamisheni ndogo, kosa moja ni hasara ya wiki

Katika kata ya Nyamigogo, wilayani Biharamulo, mwenye duka anayetaka kuuza vocha, bando na LUKU hahitaji tena kununua kadi za kukwangua. Anajisajili kwenye mfumo wa wakala kama Selcom au MaxMalipo, anaingiza fedha zake, kisha anauza muda wa maongezi wa mitandao mbalimbali, umeme wa TANESCO, vifurushi vya ving'amuzi na malipo ya Serikali kwa namba ya kumbukumbu. Kuingia ni rahisi, lakini hesabu za ndani zinahitaji umakini.

Fedha inayoingizwa ndiyo floti. Kila mauzo huipunguza, na taslimu hubaki mkononi mwa wakala mpaka airudishe kwenye mfumo. Kamisheni hutofautiana kati ya mfumo na mfumo na kati ya huduma na huduma. Kwa kawaida vocha hulipa vizuri kuliko bili, kwa hiyo wakala asome viwango vya mkataba wake mwenyewe.

Tuchukue mfano wa wakala mwenye floti ya shilingi 200,000, anayelipwa asilimia 4 kwa vocha na bando na asilimia 1 kwa LUKU. Kwa siku ameuza vocha na bando za shilingi 60,000, akapata 2,400. Ameuza LUKU ya shilingi 100,000, akapata 1,000. Jumla ni shilingi 3,400. LUKU imekula zaidi ya nusu ya mauzo yake na kumpa chini ya theluthi moja ya kipato. Hata hivyo hawezi kuiacha, maana anayekuja kununua umeme mara nyingi huondoka na bando pia. Anachoweza kufanya ni kuhakikisha floti haimalizwi na wanunuzi wawili wa LUKU asubuhi, halafu wateja wa vocha wakarudishwa hadi jioni. Na akipanda bodaboda kwenda kujaza floti, nauli hiyo inatoka kwenye zile 3,400.

Sasa tuseme amekosea tarakimu moja ya namba ya mita na kununua umeme wa shilingi 20,000. Tokeni ya LUKU ina tarakimu 20 na inafanya kazi kwenye mita moja tu, hivyo haiwezi kuhamishiwa mita ya mteja. Mteja anadai haki yake, na wakala anapoteza 19,800, yaani karibu faida ya siku sita. Ndiyo maana namba ya mita inasomwa kwa sauti mbele ya mteja, na pale mfumo unapoonyesha jina la mwenye mita, mteja alithibitishe kabla ya kubonyeza.

Kosa la pili huja mtandao unapozubaa. Muamala unabaki unashughulikiwa, mteja ana haraka, wakala anabonyeza tena. Baada ya dakika chache yote miwili inakamilika. Dawa yake ni kufungua orodha ya miamala na kuangalia salio la floti kabla ya kurudia. Kama salio limepungua, tokeni huenda imeshatoka na ujumbe ndio umechelewa. Kumbukumbu ya muamala iandikwe kwenye daftari, kwa sababu ndiyo huduma kwa wateja watakayoiuliza kwanza.

Matapeli hutegemea haraka hiyohiyo. Mteja anasema atalipa kwa simu, kisha unaingia ujumbe wa "umepokea" na anadai tokeni. Ujumbe wa kughushi mara nyingi hutoka kwenye namba ya kawaida ya simu, na hata ukionekana sahihi, salio halipandi. Wakala aangalie salio lenyewe, asiamini ujumbe. Mwingine hupiga akijitambulisha kuwa wa mtandao, akiomba namba ya siri au kumwelekeza wakala abonyeze namba fulani "kurekebisha laini". Anayetoa namba ya siri amekabidhi floti yote. Jumbe za kitapeli hutumwa TCRA kwa namba 15040.

Hatari iliyo kubwa zaidi ni mfumo wenyewe kuwa wa kitapeli. Dalili yake ni kamisheni isiyoendana na biashara. Vocha haiwezi kumlipa wakala robo ya bei yake huku mtandao nao ukitaka faida. Mfumo unaolipa zaidi kwa kuleta watu wapya kuliko kwa kuuza unawalipa wa kwanza kwa fedha za wa mwisho. Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015 inataka watoa huduma za malipo wawe na leseni ya Benki Kuu ya Tanzania.

Kabla ya kuweka floti, hakikisha leseni hiyo ipo. Anza na kiasi kidogo, uza kwa wiki moja, na ulinganishe kamisheni iliyoingia na ile uliyoahidiwa. Zikitofautiana na hakuna maelezo ya kueleweka, toa fedha zako na uondoke.