Kunakili Viambato Kutoka Katika Picha ya Lebo

Viambato katika lebo ya chakula havipangwi ovyo. Kanuni za kimataifa zinataka kitangulie chenye uzito mkubwa zaidi wakati wa kutengeneza, kisha vifuate vilivyo pungufu. Basi anayenakili kutoka katika picha, akavikusanya juu visababishavyo mzio na chini viongezo, amefuta ushahidi wa kiasi.

Tuchukue mfano wa biskuti iliyoandikwa hivi: unga wa ngano, sukari, mafuta ya mawese, chokoleti (sukari, kakao, maziwa ya unga), E471, lesithini ya soya E322, chumvi. Kwanza vinakiliwe vyote saba kwa namba, kila kimoja mahali pake. Mabano yabaki, kwani maziwa hayo ni sehemu ya chokoleti; na sukari iliyotajwa mara mbili isiunganishwe. Ndipo alama ziwekwe pembeni: 1, mzio wa ngano, 4, mzio wa maziwa, 5, kiongezo, 6, kiongezo, tena mzio wa soya.

E471 hutokana na mafuta ya mimea au ya mnyama, na namba peke yake haibainishi. Ikiwa lebo imenyamaza, mnakili naye anyamaze, na anayetaka kujua uhalali wake amuulize mtengenezaji.

Picha ikimeremeta, 1 hufanana na 7, na E477 ni kiongezo kingine. Kisichosomeka kiandikwe “hakisomeki” papo hapo katika nafasi yake, wala kisikisiwe, mpaka ipigwe picha nyingine.