Kutoka utumboni hadi kwenye ziwa la mama

Mtoto wa miezi mitano amepakatwa na mama yake. Anashika ukingo wa mkeka, anatia vidole mdomoni, halafu anavisukuma vidole hivyo hivyo mdomoni mwa mama. Mama anacheka na kuvibusu. Tayari amemeza vijidudu vilivyokuwa mkononi mwa mwanawe, na baada ya siku kadhaa maziwa yake yanaweza kuwa na kinga iliyotengenezwa dhidi ya vijidudu hivyo hasa.

Njia inayopitwa ni ndefu. Utumbo umetenganishwa na damu kwa safu moja tu ya seli, iliyofunikwa na ute. Lakini kwenye utumbo mwembamba, hasa kuelekea mwisho wake, kuna mabaka ambayo mganga wa Uswisi, Johann Conrad Peyer, aliyaeleza mwaka 1677. Hadi leo huitwa mabaka ya Peyer. Hapo ute ni mwembamba, na zipo seli, ziitwazo seli M, zinazochota kwa makusudi chembe za vilivyomo utumboni na kuzikabidhi kwa seli za kinga zilizokusanyika chini yake. Mwili wenyewe humpitisha mgeni mlangoni ili umjue mapema.

Seli B inayomtambua mgeni huyo huagizwa itengeneze kingamwili iitwayo IgA. Haibaki pale. Huingia mishipa ya limfu, hupita kwenye tezi, humwagwa kwenye damu karibu na moyo, kisha hurejea kwenye ukuta wa utumbo. Kwa mama anayenyonyesha, baadhi hutua kwenye ziwa. Huko IgA hutolewa mbili mbili, zimeungana mikia. Seli za ukuta huzipokea na kuzivusha upande wa pili, na kipande cha protini iliyozivusha hubaki kimezizunguka. Kipande hicho huzikinga zisikatwekatwe haraka na vimeng'enya vya tumbo. Utumboni peke yake, mtu mzima huvusha gramu 3 hadi 5 kwa siku.

Ninachokipenda katika kinga hii ni utulivu wake. Kingamwili za kwenye damu zikikutana na adui huleta uvimbe na homa. IgA humshika bakteria, ikamfunga pamoja na wenzake, ikawanasa kwenye ute, wakatoka na choo. Utumbo una bakteria wengi mno tunaowahitaji. Kama kila mmoja angepigwa vita, ukuta ule mwembamba ungegeuka vidonda.

Kipindupindu kinaonyesha kazi hiyo vizuri. Bakteria wake hapenyi ukuta. Hukaa juu yake na kumwaga sumu inayozifanya seli zitoe maji bila kikomo. Mwaka 1983 watafiti walichapisha matokeo ya uchunguzi wa akina mama na watoto wanaonyonya nchini Bangladesh. Watoto ambao maziwa ya mama zao yalikuwa na kingamwili nyingi dhidi ya kipindupindu waliweza kupata bakteria sawa na wengine, lakini wakiwa naye hawakuharisha kwa urahisi kama wao. Kijidudu kiliingia, ugonjwa ukazuiliwa.

Kinga hii ina mpaka wake. IgA ya maziwa karibu yote hubaki ndani ya utumbo wa mtoto, haiingii kwenye damu yake kuwekwa akiba. Maziwa yakikoma, nayo inakoma, na mtoto hutegemea ile anayoanza kujitengenezea mwenyewe.

Baada ya miezi sita huja uji, na utumbo hupewa mtihani mwingine: kumtambua mgeni na kumwacha kwa amani. Protini ya karanga ni ngeni kama ya bakteria, ila huja bila dalili za hatari. Seli zenye matawi chini ya utando huibeba hadi kwenye tezi za tumboni, na huko, kwa msaada wa tindikali itokanayo na vitamini A, huzaa seli za kutuliza zinazouzuia mwili usiishambulie.

Mlango unaopitiwa una maana kubwa. Karanga ikimfikia mtoto kwanza kupitia ngozi yenye ukurutu, mwili unaweza kuihesabu adui. Jijini London watoto wachanga 640 wenye ukurutu mkali au mzio wa mayai waligawanywa: wengine walishwe karanga mapema, wengine wazikwepe. Matokeo yalitoka mwaka 2015. Walipofika miaka mitano, mzio wa karanga ulikuwa kwa asilimia 17.2 ya waliozikwepa, na asilimia 3.2 tu ya waliozila.

Kwa mtoto wa kawaida, karanga zilizosagwa laini kabisa ndani ya uji zinatosha. Nzima zinaweza kumkaba. Mwenye ukurutu mkali apimwe na daktari kwanza. Anza na ncha ya kijiko, mchana, kisha umtazame kwa saa mbili: vipele vya kuwasha, midomo kuvimba au kutapika ni sababu ya kuacha na kwenda hospitali, na akihema kwa shida, usingoje hata dakika.