Kabla ya kupiga Windows upya, chomoa flashi

Asubuhi moja niliitwa kwenye steshenari. Kompyuta iliyochapa barua vizuri jana yake ilikuwa imegoma, na kiooni kulikuwa na maandishi meupe juu ya weusi:

```
BOOTMGR is missing
Press Ctrl+Alt+Del to restart
```

Mwenye duka alishaambiwa diski imekufa. Nikapapasa nyuma ya mashine, nikachomoa kiflashi alichosahau mteja, nikabonyeza Ctrl, Alt na Del kwa pamoja. Windows ikawaka.

"Lakini flashi hiyo ina barua tupu," akashangaa.

Ni kweli, na ndiyo maana kosa hili huwachanganya wengi. Kompyuta inapowashwa, programu iliyomo kwenye ubao wake mkuu, BIOS, hufuata orodha ya mahali pa kutafuta mfumo wa kuendeshea mashine. Kwenye BIOS za zamani, ikifika kwenye kifaa husoma baiti 512 za mwanzo tu. Baiti mbili za mwisho zikiwa 55 na AA, huamini kuwa hapo pana kitu cha kuwasha, ikakabidhi usukani. Flashi iliyofomatiwa na Windows huwa na alama hiyo hata kama haina mfumo wowote. Kijiprogramu chake kidogo hutafuta faili la BOOTMGR, kikilikosa hutoa ujumbe kama ule na kusimama. Diski kuu, iliyo nafasi ya pili, haifikiwi kamwe. Mashine za UEFI hazinaswi kirahisi hivyo, kwa sababu kwenye flashi hutafuta faili maalumu, `\EFI\BOOT\BOOTX64.EFI`, na lisipokuwepo huendelea mbele. Flashi uliyoiandaa kwa kufungia Windows, hata hivyo, inalo.

Kuchomoa flashi ni dawa ya siku moja. Ingia kwenye mipangilio ya BIOS mara tu unapowasha: kwenye Dell nyingi ni F2, kwenye HP nyingi F10. Fungua ukurasa wa Boot, pandisha diski kuu iwe ya kwanza, kisha hifadhi, mara nyingi kwa F10. Angalia na orodha ndogo ya diski ikiwepo, kwani BIOS nyingine huihesabu flashi kama diski na kuipa nafasi ya kwanza humo.

Ukiwa humo, soma majina. Diski ikionekana lakini inarukwa, shida ni mpangilio. Isipoonekana kabisa, kagua waya zake kwanza. Huenda kweli imekufa. Na kama mpangilio unajirudia wenyewe kila umeme ukikatika, tazama saa: ikiwa nayo imerudi miaka nyuma, betri ya ubao mkuu imekwisha. Kwenye kompyuta za mezani aghalabu ni CR2032, bapa kama sarafu.