Ukomo wa Bajeti na Jibu la Mkurugenzi wa Fedha: Mfano wa Idara ya Afya, Nakuru

Katika mwaka wa fedha wa Kenya, unaoanza tarehe 1 Julai na kumalizika tarehe 30 Juni, idara za Serikali ya Kaunti ya Nakuru huomba fedha zaidi ya zile zilizotengewa, na Hazina ya Kaunti, yaani idara inayosimamia fedha na mipango, hulazimika kuzijibu kwa memo inayokubali sehemu ya ombi na kukataa sehemu nyingine. Kwa msomaji aliye ughaibuni, ambaye pengine chama chake cha watu wa Nakuru kimechanga kununua mashine ya hospitali kisha kikaelezwa kwamba kaunti haina nafasi ya kumwajiri mtaalamu wa kuiendesha, jibu la namna hiyo husikika kama kisingizio. Memo iliyoandikwa vizuri humwondolea shaka hiyo, kwa kuwa hutaja ni kizuizi gani hasa cha kisheria kilichogongwa, na kizuizi hicho ndicho kinachoamua ni njia ipi nyingine iliyobaki wazi.

Ukomo wa bajeti ni kiasi cha juu ambacho idara haiwezi kukipita katika makadirio yake. Hupendekezwa katika Waraka wa Mkakati wa Fedha wa Kaunti, ambao Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 inataka uwasilishwe katika Bunge la Kaunti kufikia tarehe 28 Februari, na ukishapitishwa, kanuni za mwaka 2015 haziwaruhusu hata madiwani kuongeza au kupunguza fungu la idara kwa zaidi ya asilimia 1 ya ukomo huo wanapoidhinisha makadirio. Juu ya ukomo wa kila idara kuna mipaka miwili inayoibana kaunti nzima: angalau asilimia 30 ya bajeti, katika kipindi cha miaka kadhaa, iende kwenye maendeleo, yaani majengo, barabara na vifaa vya kudumu, na mishahara pamoja na marupurupu isizidi asilimia 35 ya mapato yote ya kaunti. Ukubwa wa mgao hauondoi mbano huo. Mwaka wa fedha 2021/22 Nakuru ilitengewa takriban shilingi bilioni 13 kutoka serikali kuu, mgao uliozidiwa na wa Nairobi peke yake, lakini hospitali yake kuu, iliyokuwa hospitali ya mkoa wakati wa Mkoa wa Bonde la Ufa, huwatibu pia wagonjwa kutoka kaunti jirani, na mshahara wa muuguzi anayewahudumia wagonjwa hao huhesabiwa ndani ya asilimia 35 za Nakuru.

Mfano ufuatao, ambao tarakimu zake zimebuniwa kwa ajili ya maelezo, unaonyesha jinsi mipaka hiyo inavyofanya kazi. Mwezi wa Novemba, Afisa Mkuu wa Afya anaomba nyongeza ya shilingi milioni 90: milioni 48 za kuajiri wauguzi 60, milioni 30 za kumalizia wodi ya wazazi katika hospitali ya kaunti ndogo, na milioni 12 za kemikali za maabara na oksijeni. Mkurugenzi wa fedha wa Hazina ya Kaunti akijibu kwamba fedha hazipo, atakuwa amesema jambo ambalo huenda ni kweli siku hiyo, ila halimsaidii mwombaji, kwa sababu kukosekana kwa fedha benki, ambako mara nyingi hutokana na mgao wa serikali kuu kuchelewa, ni jambo tofauti na kukosekana kwa idhini ya kuzitumia. Ukomo ni suala la idhini, na hata fedha zikiwa zimejaa katika Mfuko wa Mapato wa Kaunti, Msimamizi wa Bajeti hatakiwi kuruhusu zitolewe kwa matumizi yasiyo na sheria inayoyaidhinisha.

Sehemu ya wauguzi ndiyo inayokataliwa, na ndiyo inayohitaji lugha ya uangalifu zaidi. Aya yake inaweza kusomeka hivi: "Hazina inatambua uhaba wa wauguzi uliobainishwa katika ombi lenu. Hata hivyo, kwa kuwa gharama ya mishahara ya kaunti imekwisha kufikia kikomo cha asilimia 35, Hazina inasikitika kwamba haiwezi kuunga mkono ajira mpya mwaka huu." Kosa linalofanyika mara nyingi hapa ni kumwahidi mwombaji bajeti ya nyongeza, ilhali bajeti hiyo, ambayo kwa kawaida haipaswi kuzidi asilimia 10 ya bajeti iliyoidhinishwa, hubadilisha mafungu bila kuondoa kikomo cha mishahara. Fedha za maendeleo nazo haziwezi kuhamishiwa huko, kwa kuwa sheria inaruhusu zihamishiwe matumizi mengine ya maendeleo tu. Njia halisi ni nafasi za wanaostaafu. Ikiwa wauguzi 15 wanatimiza umri wa kustaafu mwaka huo, mishahara yao tayari imo katika hesabu, na idara inaweza kuiomba Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti izijaze nafasi hizo, tena kwa gharama ndogo kidogo, kwa kuwa anayeanza kazi hulipwa chini ya aliyepanda madaraja kwa miaka mingi.

Wodi ya wazazi inagonga ukuta mwingine, yaani ukomo wa idara wala si kikomo cha mishahara. Kwa kuwa ni maendeleo, inaweza kupokea fedha za mradi mwingine wa maendeleo wa idara hiyo hiyo uliokwama, tuseme zahanati ambayo ardhi yake ina mgogoro na ambayo milioni zake 18 hazitatumika kabla ya Juni. Milioni 12 zinazobaki zinasubiri mwaka unaofuata, na hilo si hasara kubwa, kwani mwanakandarasi hulipwa kwa hatua za ujenzi zilizokaguliwa, na kiasi chote huenda kisingetumika kabla ya mwaka kufungwa.

Kemikali na oksijeni ndizo rahisi kukubaliwa, ingawa zina mtego wake. Sheria inamruhusu afisa mhasibu, yaani anayewajibika kisheria kwa fedha za idara, kuhamisha fedha kati ya programu ikiwa jumla ya zinazotoka au kuingia katika programu haizidi asilimia 10 ya matumizi yake yaliyoidhinishwa. Programu ya utawala yenye milioni 80 inaweza basi kutoa milioni 8 kutoka safari na semina, si zote 12, na milioni 4 zitafutwe katika programu nyingine. Nayo programu inayopokea lazima iwe na angalau milioni 120. Aidha, Sheria ya mwaka 2023 kuhusu fedha za kuboresha vituo vya afya inaziruhusu hospitali za umma kubaki na mapato zinayokusanya, hivyo mkurugenzi anaweza kumwelekeza mwombaji aangalie kwanza mpango wa matumizi wa hospitali yenyewe.

Memo isiyotaja njia hizi ina madhara yanayoonekana. Mkuu wa kituo anayeona wagonjwa wakikosa oksijeni humwomba mfanyabiashara alete mitungi kwa ahadi ya mdomo au kwa hati ya kuagiza iliyoandikwa kwa mkono, nje ya mfumo wa IFMIS ambao ungekataa agizo lisilo na fungu, na baada ya miezi michache ankara hiyo hujiunga na malimbikizo ya madeni ambayo mfanyabiashara wa Molo au Naivasha huyafuatilia kwa miaka. Deni hilo likitambuliwa, hulipwa kutoka katika ukomo wa mwaka unaofuata, na idara huanza mwaka ikiwa na fedha chache kuliko zile ilizolalamikia.

Wauguzi 45 waliobaki wanaweza kujadiliwa tu katika mkakati wa Februari, pale mapato yanapokadiriwa upya. Hazina hupokea maoni ya umma kabla ya waraka huo kwenda bungeni, na chama kilicho ughaibuni chenye mashine ya kutoa kinaweza kuwasilisha maoni kwa maandishi wakati huo, kikitaja mashine inahitaji wataalamu wangapi, umeme kiasi gani na matengenezo ya shilingi ngapi kwa mwaka, kabla haijapakiwa melini.