Simu Inavyokisia Neno la Kiswahili

Andika k, i, t kwenye simu, na kabla hujagusa herufi ya nne kibodi inakuletea "kitabu", "kiti" na "kitanda". Kamusi iliyomo ndani ya simu ina maelfu ya maneno, na jibu lazima lipatikane kufumba na kufumbua. Programu ingeweza kupitia orodha nzima, neno baada ya neno, ikiangalia lipi linaanza na "kit". Lakini ipo njia isiyolazimika kuyagusa maneno yasiyohusika: kuyapanga katika mti wa herufi. Wanasayansi wa kompyuta huuita trai, jina lililotolewa na Edward Fredkin mwaka 1960, mwaka mmoja baada ya René de la Briandais kuueleza mpangilio huo.

Tuchukue maneno matano: kitabu, kitanda, kiti, kisu na kisima. Mti unaanza na shina tupu. Tunapoingiza "kitabu", kila herufi inapata kifundo chake, kimoja chini ya kingine, jumla vifundo sita. Likija "kitanda", programu inashuka kutoka shinani na kukuta k, i, t na a tayari zipo. Inavipita vifundo hivyo bila kuviunda upya, kisha inaongeza vitatu tu vya n, d na a. "Kiti" inaongeza kimoja, "kisu" viwili na "kisima" vitatu. Maneno yenye herufi 27 yameenea katika vifundo 15, kwa sababu mwanzo unaofanana huandikwa mara moja.

Kila neno linapokwisha, kifundo cha mwisho hutiwa alama ya kuonyesha kwamba hapo pana neno kamili. Bila alama hiyo, programu isingejua kuwa "kitan" ni njia ya kupita tu. Nayo "kiti" ingepotea siku tutakapoingiza "kitini", maana i yake isingekuwa tena mwisho wa tawi.

Kutafuta sasa ni kushuka. Mtu akiandika "kit", programu inashuka hatua tatu na kusimama kwenye t. Maneno yote yanayoanza na "kit" yako chini ya kifundo hicho, na hakuna hata moja lililo kwingine. Kamusi iwe na maneno matano au laki moja, hatua za kufika hapo ni tatu.

Kazi inayobaki ni kuchagua, maana kioo cha simu kina nafasi ya maneno mawili au matatu. Tuseme katika maandishi tuliyokusanya "kitabu" limetokea mara 900, "kiti" mara 700 na "kitanda" mara 300. Katika kila kifundo tunaandika idadi kubwa kuliko zote zilizo chini yake. Kwenye t, tawi la a linaonyesha 900 na la i linaonyesha 700. Programu inafuata a, kisha b yenye 900, inampa mwandishi "kitabu". Tawi la n lina 300 tu, kwa hiyo linaachwa. Programu inarudi kwenye i na kutoa "kiti". Ikiwa yanatakiwa maneno mawili, tawi la "kitanda" halifunguliwi kabisa.

Kasi hiyo hulipiwa kwa kumbukumbu. Njia nyepesi ya kuunda kifundo ni kukipa nafasi 26, moja kwa kila herufi inayoweza kufuata. Kwenye mashine za kisasa kila nafasi hula baiti 8, hivyo kifundo kimoja ni baiti 208. Mti wetu, pamoja na shina, una vifundo 16, yaani baiti 3,328 kwa maneno ambayo yangeandikwa kwa baiti 27. Nafasi zote ni 416, na zinazotumika ni 15. Mti wa vifundo laki moja ungekula zaidi ya megabaiti 20, karibu zote zikiwa tupu.

Dawa ya kwanza ni kuandika matawi yaliyopo tu. Kifundo kinabeba herufi yake, alama ya mwisho, namba ya mtoto wake wa kwanza na namba ya ndugu yake anayefuata. Baiti kama 12 zinatosha, na mti wetu unashuka hadi baiti 192. Gharama yake ni kwamba ili kuipata t chini ya i, programu itawapitia ndugu mmoja mmoja. Kwa kuwa ndugu hawazidi herufi za alfabeti, ucheleweshaji huo mtumiaji hauoni.

Hadi hapo mti wa Kiswahili hautofautiani sana na wa lugha nyingine. Tofauti inakuja kwenye vitenzi. Chukua nafsi sita, ni, u, a, tu, m na wa, pamoja na na, li, ta na me. Unapata mianzo 24: nina, nili, nita, nime, na kuendelea hadi wame. Kila mmoja unaweza kufuatwa na soma, somesha, pika au pikwa. Vitenzi hivyo vinne vinahitaji vifundo 14, na mti wetu utavinakili mara 24, jumla vifundo 336, kwa kuwa unajua kushirikisha mianzo peke yake. Maneno yetu yanafanana zaidi mkiani.

Kwa hiyo matawi yanayofanana kabisa huunganishwa. Mianzo yote 24 inaelekezwa kwenye s moja na p moja, na vile 336 vinarudi kuwa 14. Hata hao 14 wanapungua: a za mwisho zote nne ni kitu kimoja, na kilichobaki baada ya "somesh" na baada ya "pikw" ni a ileile. Vinabaki vifundo kumi.

Lakini kuunganisha kuna masharti yake. "Ninasoma" na "walisoma" sasa yanaishia kwenye kifundo kimoja, hivyo idadi ya matumizi ya kila neno haiwezi kukaa hapo. Inabidi kila neno lipewe namba kulingana na njia lililopitia, na idadi ziwekwe kwenye orodha ya pembeni. Kuongeza neno nako kunakuwa kwa hatari. Ukiingiza "inanyesha" na kulipachika nyesha kwenye tawi la pamoja, papo hapo umezalisha "ninanyesha" na "walinyesha". Ukiona kibodi inakupendekezea maneno ya namna hiyo, ujue kuna tawi lililoshirikishwa pasipostahili.

Kasoro nyingine inaonekana kwenye "ng'ombe". Kibodi moja hutoa kistari kilichonyooka, nyingine kilichopinda, na kwa kompyuta hizo ni herufi mbili tofauti. Dalili yake ni hii: ukiandika "ng" neno linatokea, ukiongeza kistari linatoweka. Tiba ni kugeuza vistari vyote kuwa cha aina moja, wakati wa kuingiza na wakati wa kutafuta pia.

Kwa simu ya kumbukumbu ndogo, ningegawa kazi mara mbili. Kamusi kuu, isiyobadilika mara kwa mara, iunganishwe mwanzo na mkia kabla ya kuwekwa kwenye simu. Majina ya watu, ya mitaa na maneno mapya ya mwenye simu yaingie kwenye mti mdogo wa kawaida, ambako kuongeza neno hakugusi jingine. Mtu anapoandika, programu itafute kwenye miti yote miwili na kupanga majibu kwa wingi wa matumizi.