Asilimia ya Bitcoin ikishuka, fedha zimekwenda wapi?

Wasikilizaji wetu mnaofuatilia sarafu za kidijitali kwenye simu huenda mmeona chati iliyoandikwa BTC.D. Chati hiyo huonyesha Bitcoin, sarafu kubwa kuliko zote, inashika asilimia ngapi ya thamani ya soko lote. Wachuuzi wa sarafu huitazama ili wakisie ni lini fedha zitahamia kwenye sarafu ndogo.

Mwaka 2021 ulionyesha vizuri jinsi zinavyohama. Januari, Bitcoin ilishika karibu asilimia 70 ya soko. Bei yake ilipanda kutoka kama dola 29,000 hadi kupita dola 60,000. Waliopata faida wakaanza kutafuta sarafu ambazo bado hazijapanda sana. Kwanza waliiendea Ethereum, iliyoanza mwaka chini ya dola 800 na kupita dola 4,000 mwezi Mei, kisha zile ndogo zaidi kama Dogecoin. Soko la sarafu ndogo ni jembamba, hivyo fedha kidogo tu huisukuma bei mbali. Kufikia katikati ya Mei, sehemu ya Bitcoin ilikuwa karibu asilimia 40.

Lakini asilimia hiyo peke yake inaweza kukudanganya. Tuseme soko lote lina shilingi 100, na Bitcoin ina 60. Sarafu nyingine zikipanda kutoka 40 hadi 60, Bitcoin inabaki na asilimia 50. Sasa tuseme hazikupanda hata kidogo, ila Bitcoin yenyewe imeporomoka hadi 40. Hapo pia ni asilimia 50! Chati ni ileile, ila mara ya kwanza soko limekua hadi 120, na mara ya pili limesinyaa hadi 80. Kwa hiyo tazama pia thamani ya soko lote, ambayo kwenye chati huandikwa TOTAL. Fedha zinapohamia kweli kwenye sarafu ndogo, BTC.D hushuka huku TOTAL ikipanda, na bei ya Bitcoin ikiwa imetulia au inapanda polepole.

Kuna mtego mwingine. Sarafu zinazofungwa na dola, kama Tether, nazo huhesabiwa humo. Watu wenye hofu wakiuza Bitcoin na kuweka fedha zao Tether, BTC.D hushuka ingawa hakuna aliyenunua sarafu ndogo.

Tena chati haikuambii umechelewa kiasi gani. Aliyesubiri mpaka asilimia ikafika 40 ndipo akanunua sarafu ndogo katikati ya Mei 2021, aliingia mwisho wa msafara. Tarehe 19 Mei, Bitcoin ilishuka hadi kama dola 30,000. Ethereum, iliyokuwa juu ya dola 4,000 wiki moja tu nyuma, siku hiyo iligusa chini ya dola 2,000.