Lita ngapi kwa chumba kimoja?

Chukua chumba cha mita 4 kwa 3, chenye kuta za mita 2.7 kwenda juu. Ukikizunguka chote unapata mita 14. Zidisha kwa 2.7, ni mita za mraba 37.8. Toa mlango na dirisha, hubaki kama 34. Unapaka mara mbili, kwa hiyo ni 68.

Kwenye ukuta laini lita moja hufunika takriban mita 10 za mraba. Unahitaji lita 7 hivi: makopo mawili ya lita 4. Lakini lipu ya mchanga isiyopigwa skimu hunywa rangi, na lita huishia mita 7 tu. Hapo makopo ni matatu. Nyunyizia ukuta maji: yakizama papo hapo, anza na praima.

Tuseme kopo ni shilingi 40,000. Rangi 80,000, msasa, rola na brashi 20,000, kuziba nyufa 15,000, fundi 70,000: jumla 185,000. Rangi haifiki nusu. Dari halimo, lipimie peke yake.